Tupeane uzoefu: kufuta maoni na laiki za zamani Facebook kabla ya kuomba kazi

Wanajamvi, habari zenu. Mdogo wangu anaomba kazi benki, nasi tunapitia akaunti aliyoifungua akiwa sekondari. Limit Past Posts imegeuza posti zake zote za zamani zilizokuwa wazi kwa umma zionekane na marafiki pekee. Hata hivyo, maoni aliyoyaandika kwenye ukurasa wa gazeti moja baada ya ile sare ya 3-3 ya Simba na Yanga, Oktoba 2013, akimtukana mwamuzi na kabila lake, bado yanasomeka na jina lake kamili. Waliowahi kusafisha akaunti, mlifanyaje?

Kibarua wa Moro: Mkuu, mimi niliifunga profaili yangu, wasio marafiki hawaoni kitu. Afanye hivyo hivyo.

Bi Nuru: Hilo linalinda posti za ukurasani kwake tu, ndugu yangu. Maoni hufuata faragha ya posti yalikoandikwa, kwa hiyo yaliyo kwenye ukurasa wa umma hubaki ya umma hata mwandishi akijifungia. Aingie Activity Log, afungue sehemu ya maoni na laiki, achague mwaka, kisha afute moja moja huku akisoma. Nimewahi kukaa kwenye kamati za usaili, na kilichotusumbua kilikuwa matusi ya kikabila na kuwasema vibaya waajiri wa zamani; laiki hatukuzitafuta. Posti anazozipeleka Trash hukaa humo siku 30 kabla ya kufutika kabisa, na katika muda huo anaweza kuzirudisha.

Mama Zuhura: Mimi nenosiri la akaunti ya zamani nimelisahau, na laini niliyoifungulia ameshapewa mtu mwingine. Nitafutaje picha zangu?

Bi Nuru: Mama, suala la picha ni gumu zaidi. Kama ni maoni, waandikie wasimamizi wa ukurasa husika wayafute, ingawa si wote wanaojibu. Picha iliyowekwa na rafiki, mwombe yeye aiondoe, kwa sababu kuondoa tagi huondoa jina lako tu, picha inabaki.

Mzalendo Halisi: Matusi yafutwe, sawa. Ila mijadala yangu ya siasa siigusi, kwani mwajiri anayekataa mtu kwa maoni aliyoyatoa kwa heshima simtaki.

Bi Nuru: Wenye watoto wa kulisha huamua vingine, nami siwalaumu.

Mwanzisha mada: Ahsante, Bi Nuru. Tumeyapata kwa kuchagua mwaka 2013 na tumeyafuta. Jirani asiye rafiki yake ameifungua posti ile na hayaoni tena. Lakini shabiki mmoja alikuwa amenakili maneno yale na jina la mdogo wangu katika maoni yake mwenyewe, na hayo hatuna uwezo wa kuyafuta. Tumemwandikia, bado hajajibu. Kuna aliyewahi kufanikiwa kwa hili?