Kumwalika mtaalamu wa nje kwenye semina: barua moja kamili, au kuuliza kwanza?

Mratibu_Mafunzo

Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kupima njia mbili. Kamati yetu inaandaa semina ya siku moja kuhusu utunzaji wa chanjo, kwa ajili ya watunza stoo 36 wa vituo vya afya, na tumekubaliana kumwalika mfamasia ambaye si mwajiriwa wetu na ambaye hakuna kati yetu anayefahamiana naye. Tumegawanyika kuhusu namna ya kumwandikia.

Rasimu ya kwanza ni barua rasmi yenye kila kitu: "Tunayo heshima kukualika utoe mada kuhusu Utunzaji Bora wa Chanjo kwa wadau wa sekta ya afya, siku ya Alhamisi tarehe 14, saa 3:00 hadi saa 4:00 asubuhi. Utalipwa posho kwa mujibu wa taratibu za taasisi. Tunatarajia wasilisho lenye mvuto na litakaloshirikisha washiriki."

Rasimu ya pili ni ujumbe mfupi wa kuuliza: "Tunaandaa semina kuhusu utunzaji wa chanjo. Je, utakuwa na nafasi kati ya tarehe 14 na tarehe 21, na ada yako ni kiasi gani?" Akikubali, ndipo tumpelekee barua rasmi.

Wanaopendelea ya kwanza wanasema inaonyesha kwamba tumejipanga. Wanaopendelea ya pili wanasema haina haja ya kumwandikia mtu ukurasa mzima kabla ya kujua kama ana nafasi. Ninyi mnaonaje?

Mweka_Hazina

Mimi nachagua ya pili, lakini swali la ada liondolewe. Mtu mwenye elimu yake haulizwi bei katika salamu za kwanza, kwa sababu itaonekana kama mnatafuta wa rahisi. Mjulisheni mada na tarehe, akubali kwanza, kisha mambo ya malipo mtayazungumza kwa simu kwa staha. Jambo moja zaidi: maneno "kwa mujibu wa taratibu za taasisi" yabaki, maana yanailinda ofisi pale atakapotaja kiasi kikubwa.

Mfamasia_Mstaafu

Bwana Mweka Hazina, upo sahihi kwamba malipo yanahitaji staha, lakini sikubaliani na wewe kuhusu kuyaficha. Nimealikwa mara nyingi kuzungumza, na maneno "kwa mujibu wa taratibu" hayaniambii lolote, kwa kuwa taratibu hizo mnazijua ninyi peke yenu. Mgeni hubaki na njia mbili, ama akubali bila kujua, ama aulize yeye mwenyewe, na kuuliza ndiko kunakomwondolea heshima unayotaka kumpa. Kama ofisi ina kiwango chake, kiandikeni. Mwelezeni pia mambo matatu ambayo ndiyo huleta manung'uniko baadaye: kama kiasi hicho ni kabla au baada ya kukatwa kodi, kama nauli na malazi vimo ndani yake au ni nje yake, na malipo yatafanyika lini baada ya semina. Katika nchi nyingi malipo ya huduma ya kitaalamu hukatwa kodi ya zuio, na mtu aliyetajiwa kiasi kimoja kisha akapokea pungufu hujiona amedanganywa hata kama ofisi imefuata sheria.

Sasa nije kwa Mratibu. Kwa maoni yangu tatizo la rasimu zote mbili haliko kwenye idadi ya barua, liko kwenye mada. "Utunzaji Bora wa Chanjo" ni kichwa ambacho mfamasia yeyote anaweza kukijaza kwa hotuba aliyokwisha kuitoa mahali pengine. Atawaambia kwamba jokofu liwe kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi na kwamba joto likaguliwe asubuhi na jioni, na watunza stoo wenu 36 wataondoka na mambo wanayoyafahamu tangu siku ya kwanza kazini. Kabla ya kuandika barua, jiulizeni ni kosa gani mnaliona kwenye stoo zao. Mkilijua hilo, hadhira, muda, matarajio na hata ada vitajipanga vyenyewe.

Mratibu_Mafunzo

Ahsante sana, Mzee. Kosa tunaloliona ni hili: jokofu likipata joto wanatoa taarifa mara moja, lakini usiku likishuka chini ya nyuzi 0 hakuna anayeshtuka. Wanatazama kiashirio cha joto kilichobandikwa kwenye kichupa, wanakuta hakijabadilika rangi, basi wanaendelea kuitoa chanjo.

Mfamasia_Mstaafu

Hapo ndipo semina yako ilipo, ndugu yangu. Kiashirio kile hupima joto lililojikusanya kadiri muda unavyokwenda. Hakisemi lolote kuhusu kuganda. Na zipo chanjo, kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, ambazo zina chumvi ya alumini na huharibika zikiganda, hata kama baada ya kuyeyuka zinaonekana salama kwa macho. Kwa hiyo mada iandikwe hivi: "Namna ya kutambua chanjo iliyoganda na uamuzi wa kuchukua." Matarajio nayo yasiwe "wasilisho lenye mvuto", maana hakuna mtu anayepanga kuchosha watu. Andika kwamba kufikia mwisho wa kipindi kila mshiriki awe amefanya kwa mikono yake jaribio la kutikisa, na aweze kusema kichupa kipi kiliganda.

Ukishaandika hivyo utaona mara moja kwamba saa 1 haitoshi. Jaribio linahitaji vichupa viwili vya mtengenezaji mmoja na bechi moja, kimoja kikiwa kimegandishwa kwa makusudi kikawa barafu kabisa, kisha kikayeyuka. Vyote viwili hutikiswa, huwekwa wima mezani kando kwa kando, na hutazamwa hadi dakika 30: katika kile kilichoganda mashapo hushuka chini upesi zaidi. Ukiongeza maelezo ya mwanzo na mjadala wa mwisho, mpe mgeni dakika 90. Na watu 36 hawawezi kukizunguka kichupa kimoja. Wagawe vikundi 6, kila kikundi na jozi yake, yaani vichupa 12.

Vichupa hivyo nani atavileta, na nani atagandisha 6 kati yake usiku wa kuamkia semina? Barua isiposema, mgeni atadhani ni ninyi, ninyi mtadhani ni yeye, na asubuhi mtabaki na picha za ukutani.

Nuru_wa_Stoo

Samahani kama naingilia kati. Kituo chetu kina jokofu moja tu, na sehemu ya barafu imeharibika. Je, tunaweza kuhifadhi chanjo humo wakati tunasubiri fundi? Nimeona mada inahusu chanjo, nikaona niulize hapa.

Mfamasia_Mstaafu

Bi. Nuru, ripoti kwa msimamizi wako leo hii, na kama kipimajoto hakibaki kati ya nyuzi 2 na 8, chanjo zihamishiwe kituo cha jirani. Hapa tunazungumzia barua ya mwaliko. Fungua uzi wako nasi tutakufuata huko.

Mtoa_Mada

Nami niongeze la upande wa anayealikwa. Niliwahi kupokea mwaliko uliosema hadhira ni "wadau wa sekta", kama rasimu ya kwanza hapo juu inavyosema. Nikaandaa majedwali na hesabu kwa ajili ya wataalamu. Nilipofika nikakuta nusu ya ukumbi ni wakurugenzi waliokuja kufungua semina, na nusu nyingine ni madereva wa magari ya usambazaji, watu makini kabisa ambao walihitaji kujua namna ya kupanga vichupa mbali na barafu ndani ya kisanduku. Wote walipoteza asubuhi yao. Tangu hapo siendi mahali ambapo sijaambiwa washiriki ni wangapi, wanafanya kazi gani, wamesoma hadi wapi na wanatumia lugha gani kazini. Sentensi mbili zinatosha.

Kuhusu swali lenyewe, mimi napenda kuulizwa kwanza, mradi ujumbe wa kwanza uwe na uzito. Rasimu ya pili ingekuja kwangu ningeijibu kwa swali, nao wangejibu kwa swali, na wiki ingeisha. Mpeni tarehe mbili, si wiki nzima, kwa sababu "kati ya tarehe 14 na 21" humlazimu mtu kuzuia siku 8 za kalenda yake kwa jambo lisilo na uhakika.

Mweka_Hazina

Nimeelewa kuhusu kodi na nauli, na hapo nakubali. Lakini kuna njia ambayo hamjaitaja. Kampuni zinazouza majokofu ya chanjo mara nyingi hutuma mtaalamu wao bila ada yoyote. Kwa nini tusimwalike huyo, fedha ikabaki kwa chakula cha washiriki?

Mtoa_Mada

Anaweza kuwa mzungumzaji mzuri sana, Bwana Mweka Hazina, na kuhusu jokofu lenyewe huenda anajua kuliko sote. Tatizo ni kwamba mshiriki akimwuliza afanye nini na jokofu linalogandisha, jibu lake litaelekea kwenye jokofu jipya. Mkimwalika, mwandikieni waziwazi kwamba hatataja bidhaa za kampuni yake, na washiriki waambiwe anatoka wapi. Binafsi ningempa kipindi cha kurekebisha kidhibiti joto, wala nisingempa kipindi cha kuamua chanjo ipi itupwe.

Mratibu_Mafunzo

Nimeiandika upya, na naona imekuwa njia ya tatu: ujumbe mmoja mfupi, lakini wenye mambo yote yanayoweza kumfanya akubali au akatae.

"Tunaomba uongoze kipindi cha dakika 90 kuhusu namna ya kutambua chanjo iliyoganda, kwa watunza stoo 36 wanaosimamia majokofu ya vituo vya afya na ambao wengi wao hawajawahi kufanya jaribio la kutikisa. Tarehe zinazowezekana ni Alhamisi tarehe 14 au Alhamisi tarehe 21 mwezi ujao, saa 3:00 asubuhi. Tungependa kila mshiriki afanye jaribio hilo mwenyewe katika kundi la watu 6. Vichupa 12 vya bechi moja tutaviandaa sisi, na 6 kati yake vitagandishwa usiku wa kuamkia semina. Ada tuliyoidhinishiwa imetajwa hapa chini kabla ya kukatwa kodi. Nauli na malazi tutagharamia nje ya ada hiyo, na malipo yatafanyika ndani ya siku 14. Ikiwa kiasi hiki au muda huu haukufai, tutashukuru kupata pendekezo lako. Tunaomba jibu kufikia tarehe 30 mwezi huu."

Barua rasmi yenye mhuri itafuata akikubali. Vichupa tutavitoa kwenye vilivyokwisha muda na vinavyosubiri kuteketezwa.

Mfamasia_Mstaafu

Hiyo ningeijibu siku ileile. Angalizo moja: vilivyokwisha muda mara nyingi vimekaa nje ya jokofu au vimewahi kuganda bila mtu kujua, na kichupa unachokiita kizima kikiwa nacho kiliganda, jozi yote haitakuwa na maana. Chagua vile ambavyo rekodi yake ya joto unayo, uviandike alama kwa wino usiofutika, na uombe kibali cha maandishi kwa anayesimamia uteketezaji ili kisirudi hata kimoja kwenye jokofu.

Mtoa_Mada

Mimi bado nina shaka kuhusu kutaja ada iliyoidhinishwa huku mkimkaribisha apendekeze nyingine. Kama kamati haina uwezo wa kuongeza, sentensi hiyo iondoke, kwa sababu mgeni atapendekeza, mtamkatalia, na mtakuwa mmeanza vibaya.

Mweka_Hazina

Kwa ada hatuna uwezo wa kuongeza. Kwa muda tunao.

Mratibu_Mafunzo

Basi nitabakiza neno "muda" peke yake. Kibali cha vichupa nitakiomba kesho, kabla ya kutuma ujumbe, kwa sababu nikikikosa itabidi nibadilishe sentensi ya matarajio yote.