Mrejesho: kisa cha fenesi kwenye matatu

Niliuliza: "Kisa cha matatu kilichotuvunja mbavu Kongowea hadi Mtwapa, nikikiandika kwenye grupu kinapoa. Nikiandikeje?"

Ahsanteni, kimekubali. Aliyeniambia nifiche sababu hadi mwisho ndiye aliyenifungua macho. Rasimu ya awali ilianza hivi: "Fenesi la mama mmoja lilikuwa likigonga mlango, dereva akidhani makanga anagonga bodi." Hapo msomaji ashajua yote, hana la kungojea.

Sasa fenesi nimelitaja mapema, kama mzigo tu: "Mama kapanda na fenesi, kaliweka chini karibu na mlango." Kisha nikaliacha. Ujumbe uliofuata:

"Bombolulu. Ngo! Dereva kasimama. Makanga: Nani ashuka? Kimya."

"Mtambo. Ngo! Kasimama. Nani ashuka? Kimya."

"Shanzu. Ngo! Makanga: Jamani, NANI ASHUKA?"

Kila kituo ujumbe wake, na maneno machache. Maelezo ya foleni na joto nimeyatoa yote. Swali la makanga sikulibadilisha, kwa kuwa watu hucheka wakishaanza kulitarajia. Kabla ya ujumbe wa mwisho nilingoja kidogo, mmoja akauliza, "Ehe?" Ndipo nikatuma jibu la mzee wa kiti cha nyuma:

"Mwanangu, lishushe hilo fenesi, lishachoka kugonga."

Sikuongeza neno wala kikatuni cha kicheko. Shangazi, ambaye huwa hajibu kitu, alituma sauti. Ni kicheko kitupu, mwanzo hadi mwisho.