Baba kaniitia mgeni wa posa Jumapili, mimi sijaulizwa

Binti wa Magu: Wakuu, naombeni ushauri. Nina miaka 31, nauza kwenye duka la dawa hapa Buhongwa, wazazi wako Magu. Tangu mdogo wangu aolewe, kila simu ya nyumbani ni "lini?" Juzi mama kapiga, kumbe kaweka sauti kubwa na baba mdogo yupo pembeni. Nikajibu kwa hasira kwamba mimi si ng'ombe wa mnadani. Baba akakata simu. Sasa nasikia Jumapili kuna mtu anakuja kujitambulisha. Kuolewa sikatai, ila wananiharakisha. Niongee nao vipi bila kuvunjiana heshima?

Jembe la Kirumba: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya wote wawili. Mwambie mzee mtakutana mahakamani, kimya.

Mama Dagaa: Ridhaa ni kweli, lakini ukimtajia baba mahakama, maongezi yameishia hapo. Mwanangu, lile jibu lilimfika mzee mbele ya mdogo wake, arudi nyuma vipi? Binti yangu alikuja Jumamosi peke yake, akanikuta naanika dagaa, akainama kusaidia. Hakujitetea. Akauliza, "Mama, hasa mnaogopa nini?" Nikajikuta nimetoa la moyoni: kaka yake alikuwa anangoja ng'ombe za mahari yake ili naye aoe, na baba yao alishawaahidi ndugu. Kwenye simu tusingelisema hata siku moja. Ndipo tukamwita shangazi yake akalifikishe kwa baba yao. Tukakubaliana mgeni haitwi kabla binti hajaambiwa, na yeye akipata mtu atuambie mwenyewe, tusisikie sokoni. Tarehe hakutaja. Ukisema "mwakani" ili wanyamaze, mwakani watakudai.

Sato Mkavu: Huyo jamaa yako naye mbona haleti barua? Wangu wa Geita alinizungusha miaka minne, kumbe ana mke.

Binti wa Magu: Pole dada, ila mimi jamaa sina, ndiyo maana wananitafutia. Mama Dagaa, umenigusa. Kaka kachumbia Misungwi tangu mwezi wa tatu na hakuna anayetaja mahari. Shangazi kaniambia nifike Ijumaa. Huyo mgeni je?

Mama Dagaa: Apewe chai kama mgeni yeyote. Shangazi amwambie baba mapema kwamba siku hiyo barua haipokelewi. Ikishapokelewa, kuirudisha ni aibu ya nyumba nzima.

Mzee wa Nyegezi: Mimi ni baba wa mabinti watatu, napinga hiyo chai. Akishaingia sebuleni na wazee wake, majirani wameshahesabu posa. Azuiwe Ijumaa hiyohiyo, na baba ndiye apige simu.

Binti wa Magu: Baba hapokei hata simu zangu, mzee wangu. Hiyo ya kumzuia mgeni ataikubali kwa shangazi?

Mzee wa Nyegezi: Shangazi ni mkubwa wake au mdogo wake?