Naomba ushauri: msimamizi wangu anawaandikia wageni “for all intensive purposes”

BintiShangani
Assalaam alaykum wanajamvi. Ninapokea maombi ya vyumba katika nyumba ndogo ya wageni hapa Mji Mkongwe. Kila mgeni anapolipa arubuni, msimamizi wangu humwandikia kwa simu ya ofisi: “For all intensive purposes your room is confirmed.” Msemo wenyewe ni “for all intents and purposes”. Nimsahihishe vipi mtu mzima bila ya kumvunjia heshima?

MkaaziWaWete
Sisi huku Pemba jenereta lilipoharibika, kijana wetu alimwandikia mgeni “Please bare with us”, akikusudia “bear with us”, yaani tuvumilie. Alichoandika kilikuwa ni kumwalika avue nguo pamoja nasi. Mgeni alikuwa mama wa makamo, na sisi tulipata taabu kubwa kumwomba radhi. Msahihishe leo hii, usingoje.

MwalimuMstaafu
Kosa hili ni la sikio. Mwenye kuusema msemo huo kwa haraka huimeza “and” ikabaki n tupu, na t ya “intents” hupotea baina ya n na s, basi anayeusikia bila ya kuwahi kuuona umeandikwa hushika neno alijualo, “intensive”. Simu nayo haipigi mstari mwekundu, kwa sababu kila neno peke yake ni sahihi. Wazawa wa lugha hiyo hukosea vivyo hivyo, na tangu 2003 wanaisimu wao huyaita makosa ya namna hii “eggcorn”, kwa ajili ya mtu aliyeandika “egg corn” akikusudia “acorn”. Lakini binti yangu, msimamizi huyu ni nani kwako, na sentensi hiyo huiandika kila mara au imehifadhiwa?

BintiShangani
Ni mjomba wangu, na nyumba ni yake. Sentensi imehifadhiwa katika majibu ya haraka ya WhatsApp Business, nasi huiita kwa kuandika `/chumba`. Jana usiku nimeshaibadilisha kuwa “intents and”, na sikumwambia. Sioni ubaya wake, kwani ni jina la nyumba yake ninalolilinda.

Mpenda Kamusi
Hata ulichoandika si sahihi, dada. Inapaswa kuwa “to all intents and purposes”.

BiMkubwa wa Michenzani
Mjomba ni mzazi, mwanangu. Umeingia katika kauli yake usiku naye amelala, na sasa unatuuliza namna ya kumheshimu.

Mdadisi
Nashuku kisa hiki kimetungwa. Kosa hilo limo katika orodha nyingi za makosa ya Kiingereza mitandaoni, na wenye nyumba za wageni ninaowajua mimi huandika “room ok” wakamaliza. Mjomba gani huyo anayetumia misemo ya mahakamani?

BintiShangani
Mjomba alianza kwa kuwatembeza watalii, na Kiingereza chake chote alikiokota vinywani mwao, wakiwemo wanasheria na walimu. Huandika pia “case and point” badala ya “case in point”.

MwalimuMstaafu
Mfano huo wa pili unanifanya nimwamini, Mdadisi, kwa kuwa katika usemi wa haraka “in” na “and” zote mbili hubaki n, na sikio moja limenaswa pahala pale pale mara mbili. Ama “to” na “for”, zote hutumika: Waingereza hupendelea ya kwanza, Wamarekani ya pili.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maana. Msemo huu ulikuwamo katika sheria za Uingereza tangu karne ya 16, ulipokusudiwa kufunika kila dhamira na kila matumizi, lakini leo husemwa pale jambo linapokuwa kama limekwisha, ingawa rasmi huenda halijakwisha. Basi mgeni aliyekwisha kulipa, akiisoma sentensi uliyoisahihisha, ana haki ya kuuliza ni kipi kilichobakia. Tahajia umeitengeneza, shaka umeiacha. Andika hivi tu: “We have received your deposit. Your room is confirmed.” Kwa mjomba usianze na sikio lake. Mwambie kwamba sentensi ya zamani inaweza kumfanya mgeni adhani chumba bado hakijawa chake, kisha mwoneshe hii fupi. Zilizokwishatumwa ziache, kwani WhatsApp hairuhusu kuhariri ujumbe baada ya dakika 15, na kuwatumia wageni wa zamani masahihisho kutawatia hofu bure.

Mdadisi
Hoja ya maana naikubali. Kisa bado nakitilia shaka. Na mjomba akikataa?

BintiShangani
Nitamwonesha kesho asubuhi kabla simu haijaanza kulia. Akikataa hiyo fupi, ile ya “intensive” siirudishi. Nitafuta jibu lote, na kila mgeni nimwandikie mwenyewe.

BiMkubwa wa Michenzani
Kabla ya kumwonesha, mwambie kwanza kwamba ulishaibadilisha.