Mhusika wangu akivaa pajama anageuka mtoto mwingine. Wachoraji, nisaidieni

kalamu_ya_tanga: Wakuu, habari za jioni. Nachora hadithi ya kulala ya kurasa 24, kwa kompyuta kibao. Mhusika ni binti wa miaka mitano: mabutu mawili yenye riboni nyekundu, gauni la njano linaloishia magotini. Mpaka ukurasa wa 8 mambo safi. Wa 9 anavaa pajama za buluu zenye nyota, na mhariri kaniuliza, "Huyu ni dada yake?" Tena kasema nguo inaonekana kama koti la mvua. Nilitaka ile flaneli laini iliyofuliwa mara nyingi. Nakosea wapi?

mama_pacha: Dada, za flaneli zina joto sana kwa Tanga. Mnunulie pamba nyepesi. Wangu nilipata seti Kariakoo, mpira wa kiunoni haumbani.

kalamu_ya_tanga: 😂 Asante mama, ila huyu mtoto ni wa kuchorwa.

mama_pacha: Haya, nimesoma haraka. Lakini hata wa kuchorwa atatoka jasho!

brashi_kavu: Hilo la koti la mvua ni rahisi. Tafuta picha ya kitambaa cha flaneli, iweke juu ya nguo yote, ififishe kidogo. Umemaliza.

mzee_wa_penseli: Brashi, umepatia nusu. Ukitandaza nyuzinyuzi kila mahali, mtoto atavaa gunia. Kwenye kitambaa kama hicho vinyweleo huonekana zaidi pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli. Weka hapo tu, kwa brashi yenye chembechembe, kwingine acha patulie.

Kalamu, hebu jibu mawili. Umeweka michirizi myeupe ya mng'ao begani na magotini? Na mtoto ana urefu wa vichwa vingapi ukurasa wa 3, na vingapi ukurasa wa 9?

kalamu_ya_tanga: Michirizi ipo, nilidhani ndiyo inaonyesha ulaini. Vichwa nimepima sasa hivi. Ukurasa wa 3 ni vinne. Wa 9 ni vinne na nusu. Sikuwa nimeona kabisa.

mzee_wa_penseli: Basi mhariri wako ana jicho. Gauni lilikuwa linakuonyesha magoti, nawe ulikuwa unapimia hapo bila kujua. Suruali imeyafunika, mkono ukakimbia, miguu ikarefuka. Mchore kwanza akiwa na chupi na fulana, vichwa vinne kamili, weka alama ya goti, ndipo umvishe. Suruali ya mtoto irundikane kifundoni, mikono ya nguo ifike vidole. Nguo iwe kubwa, mwili ubaki uleule.

Michirizi ifute yote. Mng'ao mkali ni wa satini na plastiki. Flaneli husambaza mwanga, kwa hiyo sehemu angavu iwe pana na ipauke taratibu. Mikunjo nayo punguza. Kitambaa kinene kilicholegea hakifanyi mikunjo mingi yenye ncha, kinafanya michache ya mviringo: kiwiko, nyonga, nyuma ya goti. Mstari mweusi wa ukingoni ubadilishe uwe buluu iliyokolea, na uukatekate mahali mwanga unapopiga.

kalamu_ya_tanga: Na nyota? Nimezibandika kama muhuri.

mzee_wa_penseli: Hapo ndipo nguo inapokuwa karatasi. Nyota ya pembeni mwa mkono lazima ibanwe, inayoingia kwenye mkunjo ikatike. Chagua kipimo kimoja, mfano nyota moja iwe sawa na jicho lake, ukishike kurasa zote. Kivuli kiweke kwenye tabaka la juu la `Multiply`, ili nyota zififie pamoja na kitambaa.

binti_wa_pwani: Mimi ningeuliza kuhusu nywele. Usiku umemfungua riboni?

kalamu_ya_tanga: Ndiyo, nimemfunga kitambaa kichwani, kama tunavyolala nyumbani.

binti_wa_pwani: Basi umemwondolea gauni, mabutu na riboni kwa ukurasa mmoja. Mtoto msomaji amtambue kwa nini? Kitambaa kiache, ni cha kweli, lakini mabutu yavimbe chini yake, umbo la kichwa lisipotee. Na zile riboni azifunge shingoni mwa mwanasesere wake.

brashi_kavu: Kwa nini asivae pajama za njano tu?

mzee_wa_penseli: Njano chini ya mwanga wa mbalamwezi itakuwa kijani ya tope. Chini ya taa ya kandoni inakubali.

binti_wa_pwani: Mzee, mimi nimewahi kuibakiza njano usiku wa mbalamwezi nikatia buluu vivulini tu, haikuharibika. Inategemea.

kalamu_ya_tanga: Nimerudi. Vichwa vinne, michirizi nje, riboni kwa mwanasesere. Nimemwonyesha mpwa wangu, kataja jina la binti papo hapo. Lakini kauliza kwa nini analala na viatu. Ni suruali niliyoirundika kifundoni, inaonekana kama buti.

mzee_wa_penseli: Toa vidole vya miguu nje, angalau vitatu. Halafu tuwekee picha tuone.