Ukikosea kukisia kompyuta ya mteja, useme au unyamaze?

Swali, kutoka Kondele, Kisumu: Nahudumia wateja kwa simu. Nikidhani mtu yuko kwenye Windows, halafu neno lake likaonyesha ni Mac, niombe msamaha kwanza au nibadilishe maelekezo tu? Bosi na mimi hatuelewani kwa hili.

Fundi wa Nakuru: Badilisha tu. Mwalimu mmoja alinipigia kwamba flashi yake inafunguka lakini haipokei faili. Wateja wangu wengi ni wa Windows, kwa hivyo nikamwambia atazame kama ina kiswichi cha kufungia ubavuni. Akasema, "Hakuna. Hata nikiburuta faili kwenye Finder inakataa." Finder ni ya Mac. Nikaendelea: "Sawa, kwenye Mac bofya flashi mara moja, ubonyeze Command na I, unisomee palipoandikwa Format." Akasoma `Windows NT File System (NTFS)`. Neno Windows hapo lisikurudishe ulikotoka, kwa maana linaeleza flashi ilivyofomatiwa, si kompyuta aliyonayo. Na si vitufe tu vilivyobadilika, hata chanzo cha tatizo kilibadilika: Mac husoma NTFS, lakini kwa kawaida haiandiki humo. Alinakili faili zake kwenye Mac kwanza, kisha akaifuta flashi kwa Disk Utility na kuchagua ExFAT, ambayo Mac na Windows zote huandika. Ningeanza kujieleza, lile neno Finder lingenipita.

Mwanafunzi, Maseno: Mimi huuliza wanaona nini kwenye Terminal. Ikiwa zsh, ni Mac, basi.

Fundi wa Nakuru: Karibu, ndugu. Mac imeanza na zsh tangu Catalina ya 2019, lakini hata Kali Linux huja nayo. Ukisikia zsh, uliza jambo moja zaidi kabla ya kuhama.

Mwenye duka la simu, Kakamega: Sikubali. Kumficha mteja kosa ni kumkosea heshima. Mimi nilimtuma mama mmoja atafute Play Store, akaniambia anaona App Store. Nilimwomba msamaha na bado ni mteja wangu.

Fundi wa Nakuru: Dada, kumficha ni jambo lingine. Kama ameshatekeleza nililomwambia, na hasa kama amefuta kitu, namwambia waziwazi nilimwelekeza vibaya na tunarekebisha vipi. Yule mwalimu alitazama ubavu wa flashi tu, hakuna kilichoharibika.

Mama wa watoto watatu, Kisumu: Na kwenye WhatsApp je? Ule ujumbe wa kwanza unabaki pale. Binti yangu ndiye hunisomea jioni, naye huanzia juu.

Fundi wa Nakuru: Hapo naongeza sentensi moja: "Achana na ile ya kiswichi, fuata hii ya Mac."

Mama wa watoto watatu: Atakuwa ameshaifanya kabla ya kuifikia hiyo sentensi. Mimi naona afadhali ufute ule wa kwanza.