Ushauri: washabiki wa uwanjani wanachanika nikiwachezesha kwa tekscha (Godot, simu)

MwanaShangani
Habari zenu wakuu. Niko Mtwara mjini, natengeneza gemu la mpira la simu, na uwanja nimeuchukulia mfano wa Nangwanda Sijaona. Jukwaani nataka washabiki kama 1,500 wanaoruka, na bendera. Kwa mifupa simu ilikuwa hoi, nikahamia kwenye kuoka mwendo: kila safu ya tekscha ni ncha moja ya umbo, kila mstari ni fremu moja, na sheda inasoma tu ncha isogee kiasi gani.

Bendera imekubali, ila inatetemeka. Mshabiki ndiyo kioja: akiruka, mabega na shingo vinachanika, pembetatu zinachomoka ovyo. Safu naisoma kwa VERTEX_ID. Blender inasema ana ncha 412, tekscha ni PNG ya 412 kwa 40. Tatizo liko wapi?

Kiduku_Ligula
Fremu 40 chache hizo mkuu. Soma fremu mbili halafu uzichanganye kwa mix(), itatulia.

FundiSheda
Kuchanganya fremu kunalainisha mwendo wa kuruka kutoka fremu hadi fremu, hapo uko sahihi. Lakini hakushoni mtu aliyechanika. MwanaShangani, hebu angalia Godot inahesabu ncha ngapi kwenye huyo mshabiki, usiangalie Blender.

MwanaShangani
Duh, 537.

FundiSheda
Ndiyo hapo. Ncha iliyo kwenye mshono wa UV au ukingo mkali inagawanywa wakati wa kuingia kwenye injini, maana ncha moja huko haiwezi kubeba UV mbili. Ikishagawanywa, namba zinazofuata zote zinasogea, kwa hiyo ncha ya bega inasoma safu ya goti. Bendera yako ni kitambaa kimoja kisicho na mshono, ndiyo maana imepona.

Achana na VERTEX_ID. Iandikie kila ncha anwani yake kwenye UV ya pili ukiwa bado Blender. Ikigawanywa mara tatu, vipande vyote vitatu vinabaki na anwani ileile:

```python
uv = me.uv_layers.new(name="VAT")
for lp in me.loops:
    uv.data[lp.index].uv = ((lp.vertex_index + 0.5) / 412, 0.5)
```

Hiyo 0.5 usiidharau, inakupeleka katikati ya pikseli. Ukisoma mpakani, simu moja itachukua safu yako na nyingine itachukua ya jirani. Upande wa sheda:

```glsl
float f = fract(TIME * 0.6 + INSTANCE_CUSTOM.x) * 40.0;
float v = (floor(f) + 0.5) / 40.0;
VERTEX += textureLod(vat, vec2(UV2.x, v), 0.0).xyz;
```

INSTANCE_CUSTOM.x jaza namba ya kubahatisha kwa kila nakala kwenye MultiMesh, la sivyo jukwaa zima litaruka kwa pamoja kama gwaride. Na `vat` itangaze kwa `filter_nearest`.

Kutetemeka ni suala jingine. PNG yako ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Kama mwendo ni mita 1 huku na mita 1 kule, kila ngazi ni karibu milimita 8. Hifadhi EXR ya nusu-floti: chini ya mita 1, ngazi haizidi nusu milimita. Hata kwa baiti 8 kwa pikseli, 412 kwa 40 ni kama KB 130 tu. Kisha kwenye Import weka Detect 3D kuwa Disabled. Usipofanya hivyo, Godot ikiona tekscha imetumika kwenye 3D inaibana yenyewe, na leo kilichofanya kazi kesho kimeharibika.

BintiMikindani
Samahani kuingilia. Mimi nina tanga la jahazi, nataka lijae upepo mchezaji anapogeuza chombo. Niliokee hivihivi?

FundiSheda
Hapana dada. Kilichookwa kinarudia kilekile, hakijui upepo umetoka wapi. Tanga lako lisogeze kwa sine ndani ya sheda, ukiipelekea mwelekeo wa upepo.

Kiduku_Ligula
Au aoke matanga mawili, la kushoto na la kulia, halafu achanganye?

FundiSheda
Kwa mbali inaweza kupita. Kwa karibu, katikati ya mchanganyo kitambaa kitasinyaa.

MwanaShangani
Mshabiki amepona kabisa, asante sana mkuu! Mambo mawili yamebaki. Mwendo unacheza kinyumenyume, na bendera inapepea lakini mwanga wake umeganda, mikunjo haina kivuli.

FundiSheda
Kinyumenyume ni kwa sababu Blender inahesabu mistari ya picha kuanzia chini, Godot kuanzia juu. Andika `1.0 - v`. Mwanga umeganda kwa sababu umesogeza ncha bila kugeuza normali. Oka tekscha ya pili ya normali kwa ajili ya bendera. Washabiki waache.

Kiduku_Ligula
Washabiki nao wanahitaji, jua la saa tisa pale uwanjani si mchezo.

FundiSheda
Mtu wa pikseli 20 kwenye kioo cha simu? Kila tekscha unayoongeza ni usomaji mwingine kwa kila ncha, na ana ncha 537 mara 1,500. Ajaribu kwenye simu ya bei ndogo kwanza.

MwanaShangani
Nitaijaribu kwenye simu ya mdogo wangu, ile inayopata moto hata WhatsApp ikifunguliwa. Nitaleta majibu hapa.